Barua ya Kupandishwa Cheo: Soma Kilichoandikwa Chini ya Pongezi

Barua nyingi za kupandishwa cheo huanza kwa namna moja. Uongozi una furaha kukujulisha kwamba, kutokana na utendaji wako mzuri, umepandishwa kutoka cheo hiki kwenda cheo kile. Unafuata mshahara mpya na tarehe ya kuanza, kisha mstari unaosema masharti mengine yatabaki kama yalivyo kwenye mkataba. Mwisho ni pongezi, sahihi na muhuri. Mtu anakabidhiwa mbele ya wenzake, anapigiwa makofi, na anatia sahihi kwenye nakala ya ofisi akiwa bado anapokea mikono ya hongera.

Furaha hiyo ni halali yake. Lakini karatasi aliyotia sahihi imebadilisha mkataba wake wa kazi, na kwa Tanzania Bara mabadiliko ya namna hiyo yana utaratibu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, katika kifungu cha 15, inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi taarifa ya maandishi inayoeleza, pamoja na mambo mengine, kazi anayofanya, mahali pa kazi, saa za kazi, malipo, namna malipo hayo yanavyokokotolewa na stahili nyingine. Moja ya mambo hayo likibadilika, mwajiri anatakiwa kushauriana na mfanyakazi, kurekebisha taarifa hiyo na kumjulisha kwa maandishi. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 nayo inataka hivyohivyo katika kifungu cha 10. Kupandishwa cheo hugusa karibu mambo hayo yote kwa mpigo, na neno la kulishika hapo ni kushauriana. Barua inayotua mezani ikiwa imekwisha kamilika, bila mtu kuulizwa lolote, imeruka hatua.

Tuchukue mfano, nao ni wa kutunga ila hesabu zake ni za kweli. Karani wa ghala katika tawi la kampuni ya kusambaza vinywaji jijini Mwanza ana mshahara wa msingi wa shilingi 780,000 kwa mwezi. Anafanya kazi siku sita, saa 45 kwa wiki, na kwa kuwa magari ya mzigo mara nyingi huingia jioni, kila mwezi anabaki kazini kama saa 40 za ziada. Ana miaka sita pale. Sasa anapewa barua: amekuwa Msimamizi wa Ghala, atalipwa “jumla ya shilingi 1,100,000 kwa mwezi”, atasimamia watu tisa, na “atawajibika kwa shughuli zote za ghala”.

Kwa haraka anaona ameongezewa shilingi 320,000. Ni zaidi ya theluthi moja ya mshahara wake, na nyumbani watasherehekea. Hebu tufanye hesabu yenyewe.

Sheria inapata mshahara wa saa moja kwa kugawanya mshahara wa mwezi kwa 4.333, ambayo ni idadi ya wiki katika mwezi, kisha kugawanya tena kwa saa za kawaida za wiki. Kwa saa 45, ni sawa na kugawanya mshahara wa mwezi kwa 195. Shilingi 780,000 zikigawanywa kwa 195 zinatoa shilingi 4,000 kwa saa. Saa ya ziada hulipwa si chini ya mara moja na nusu, yaani shilingi 6,000. Saa 40 ni shilingi 240,000. Kwa hiyo karani huyu hajawahi kuishi kwa shilingi 780,000. Alikuwa akiishi kwa shilingi 1,020,000.

Je, msimamizi ataendelea kulipwa ovataimu? Barua haisemi. Ofisa rasilimali watu akiulizwa, jibu analotoa mara nyingi ni kwamba wasimamizi hawana ovataimu. Ikiwa ni hivyo, ongezeko lake kabla ya makato ni shilingi 80,000. Tuyatoe makato. Akiwa karani, asilimia 10 ya mfuko wa hifadhi ya jamii ilikuwa shilingi 102,000, na kodi ya mapato kwa viwango vilivyoanza Julai 2021 ilikuwa shilingi 107,500, zikamfikia mkononi shilingi 810,500. Akiwa msimamizi, mfuko utachukua shilingi 110,000, kodi shilingi 125,500, na mkononi zitafika shilingi 864,500. Tofauti ni shilingi 54,000 kwa mwezi. Kwa fedha hizo atabeba watu tisa, funguo za ghala, ukaguzi wa stoku, na jioni zilezile za kusubiri magari, safari hii bila malipo.

Sisemi kazi hiyo haifai kwa nyongeza hiyo. Wapo watakaoikubali kwa moyo mmoja, maana cheo kinafungua mlango wa cheo kingine. Ninachosema ni kwamba anayekubali anapaswa kuwa anajua kwamba anakubali shilingi 54,000, wala si 320,000, na mwandishi wa barua ndiye mwenye wajibu wa kumfanya ajue.

Ni kweli kwamba wasimamizi hawana ovataimu? Hapa ndipo watu wengi, wakiwamo baadhi ya maofisa wa rasilimali watu, wanapokosea. Sheria ya mwaka 2004 haiangalii jina la cheo. Kifungu cha 17 kinawatoa kwenye kanuni za saa za kazi wale wanaosimamia wafanyakazi wengine kwa niaba ya mwajiri na ambao wanaripoti moja kwa moja kwa mtumishi wa menejimenti ya juu. Masharti ni mawili, na lazima yote yatimie. Mtumishi wa menejimenti ya juu naye ameelezwa kwenye sheria: ni yule ambaye kwa nafasi yake anatunga sera na anaweza kuingia mikataba ya pamoja na chama cha wafanyakazi kwa niaba ya mwajiri. Katika kampuni nyingi huyo ni mkurugenzi au mtu wa ngazi yake, anayekaa makao makuu.

Rudi Mwanza. Msimamizi wetu anasimamia watu tisa, sharti la kwanza limetimia. Anaripoti kwa nani? Kama ni kwa mkurugenzi wa uendeshaji aliyeko Dar es Salaam, ambaye ana mamlaka hayo, ovataimu imekwisha. Kama ni kwa meneja wa tawi, ambaye hatungi sera wala hawezi kutia sahihi mkataba na chama cha wafanyakazi, sharti la pili halijatimia. Hapo msimamizi bado yuko chini ya saa 45, na saa ya ziada ni lazima ilipwe kwa mshahara wake mpya. Kama shilingi 1,100,000 zote ni mshahara wa msingi, saa 40 za ziada zinafikia zaidi ya shilingi 338,000 kwa mwezi. Sentensi moja fupi ya kusema anaripoti kwa nani inabeba fedha nyingi kuliko nyongeza yenyewe, na ndiyo sentensi inayosahaulika mara kwa mara kwenye barua hizi. Anayeandika barua aiweke, na anayeipokea aitafute kabla hajatafuta tarakimu.

Neno la pili la kuulizia ni “jumla”. Jumla ya nini? Kampuni moja itaandika kwamba shilingi 1,100,000 ni mshahara wa msingi. Nyingine itaacha mshahara wa msingi palepale kwenye 780,000 na kuongeza “posho ya madaraka” ya shilingi 320,000. Mwisho wa mwezi hati za mshahara zitafanana kwa jumla, na mtu anaweza kukaa miaka asione tofauti. Ataiona siku ya kuondoka. Sheria inaeleza kwamba mshahara wa msingi hauhusishi posho, wala ovataimu, wala nyongeza ya kazi ya usiku. Na ni mshahara wa msingi huo unaotumika kukokotoa ovataimu na kiinua mgongo.

Tuseme kampuni inapunguza watu na msimamizi wetu, mwenye miaka sita kazini, anaachishwa kazi. Kiinua mgongo cha kisheria ni mshahara wa msingi wa siku saba kwa kila mwaka uliokamilika, mwisho miaka kumi. Kwake ni siku 42. Kwa mshahara wa msingi wa shilingi 780,000, siku moja kwa mtu anayefanya kazi siku sita kwa wiki ni shilingi 30,000, kwa hiyo atapata shilingi 1,260,000. Kwa mshahara wa msingi wa shilingi 1,100,000 angepata karibu shilingi 1,777,000. Zaidi ya shilingi laki tano zimepotea kwa sababu nyongeza iliitwa posho. Posho ya madaraka ina udhaifu mwingine: imefungwa kwenye madaraka. Ukihamishiwa idara nyingine kwa cheo kilekile lakini bila watu wa kusimamia, uongozi unaweza kudai kwamba sababu ya posho haipo tena. Posho si haramu, na kampuni ina haki ya kupanga malipo yake. Ila barua lazima itenganishe tarakimu mbili hizo, kila moja na mstari wake, ili mtu aone alichopewa.

Na tarehe. Barua huandikwa Machi, ikasema cheo kinaanza Machi, wakati mtu amekuwa akiifanya kazi hiyo tangu Oktoba baada ya msimamizi wa zamani kuondoka. Miezi mitano ya kukaimu imemezwa na pongezi. Katika utumishi wa umma kukaimu kuna taratibu zake, lakini katika kampuni binafsi posho ya kukaimu hutegemea mkataba, kanuni za kampuni au mkataba wa pamoja na chama. Kama kipo kifungu cha namna hiyo, barua iseme malipo ya miezi ile yatafanyikaje. Kama hakipo, bado ni jambo la kulizungumza kabla ya sahihi, kwa sababu baada ya sahihi hakuna atakayelikumbuka.

Sasa tuje kwenye matarajio, sehemu ambayo barua nyingi huipa sentensi moja. “Atawajibika kwa shughuli zote za ghala” inasikika kama heshima. Kwa kweli haimwambii mtu lolote analoweza kupimwa nalo kwa haki, na ndiyo maana baadaye anaweza kupimwa kwa lolote. Kanuni za utendaji bora zilizotolewa kwa Tangazo la Serikali Namba 42 la mwaka 2007 zinaeleza mambo ya kuangaliwa mtu anapotaka kuachishwa kazi kwa utendaji duni: je, alikijua kiwango kilichotakiwa, au ilitarajiwa akijue? Kiwango chenyewe kilikuwa cha haki? Alipewa nafasi ya kutosha kukifikia? Barua ya kupandishwa cheo ndiyo mahali pa kwanza pa kuandika kiwango hicho. Mwajiri asiyekiandika anajinyima ushahidi wake mwenyewe, na mfanyakazi asiyeandikiwa anabaki akikisia.

Kwa ghala, kipimo kinachoeleweka ni tofauti ya stoku, yaani pengo kati ya mzigo ulio kwenye vitabu na mzigo unaohesabiwa kwa mikono. Tuseme ghala hili lilikuwa na pengo la asilimia 1.8 katika hesabu ya mwisho. Barua inaweza kusema pengo linatakiwa kushuka hadi asilimia 1 ndani ya miezi mitatu na asilimia 0.5 ndani ya miezi sita, kwamba hesabu itafanyika siku ya mwisho ya kila mwezi msimamizi akiwa na mtu wa fedha, na kwamba taarifa itafika kwa meneja kabla ya tarehe 5. Hapo mtu anajua anatoka wapi, anakwenda wapi na kwa muda gani. La maana zaidi ni kwamba hesabu ifanyike siku ya makabidhiano, akiwapo yeye, na karatasi itiwe sahihi na pande zote. Bila hesabu hiyo anarithi mapengo ya mwenzake, na baada ya mwezi yatakuwa yake.

Kuna sentensi moja ambayo nikiiona kwenye barua ya msimamizi wa ghala, mhasibu au mwendesha duka, huwa natamani aliyeandikiwa asimame kwanza: “Upungufu wowote utakatwa kwenye mshahara wako.” Sheria hairuhusu hivyo. Kifungu cha 28 kinaruhusu makato ya kufidia hasara pale tu hasara ilipotokea kazini kwa kosa la mfanyakazi, mwajiri akawa amempa nafasi ya kujieleza kwa utaratibu wa haki, na mfanyakazi akakubali deni kwa maandishi. Kiasi hakiwezi kuzidi hasara halisi, na makato kwa ujumla hayawezi kuzidi robo ya malipo yake ya fedha. Chupa zilizovunjika kwenye foklifti iliyoendeshwa na mtu mwingine si kosa la msimamizi kwa sababu tu yeye ndiye msimamizi. Mtu aombe sentensi hiyo iondolewe, au iandikwe upya kwa kufuata sheria.

Matarajio yana upande wa pili, ule wa mwajiri. Msimamizi aliyepewa watu tisa awe na mamlaka ya kuwapangia zamu, kuwaidhinishia likizo na kuwapa onyo. Aliyepewa wajibu wa vifaa awe na kiwango cha fedha anachoweza kuidhinisha bila kupiga simu makao makuu, hata kama ni shilingi 300,000 za kutengeneza mlango. Na kazi yake ya zamani nani ataifanya? Swali hili ni gumu zaidi pale kazi inapopanuliwa badala ya kubadilishwa. Makampuni mengi humpandisha karani bila kuajiri karani mwingine. Asubuhi anapokea mzigo na kuandika vitabu kama zamani, mchana anasimamia, jioni anaandika taarifa. Baada ya miezi sita anaambiwa usimamizi wake ni dhaifu. Barua njema inataja kazi zinazoondoka mikononi mwake, anayezipokea na tarehe. Kama karani mpya hajapatikana, iseme ataajiriwa lini, na kwamba vipimo vya usimamizi vitaanza kuhesabiwa baada ya hapo.

Baadhi ya barua huongeza kipindi cha matazamio katika cheo kipya. Si jambo baya kwa lenyewe, maana karani hodari anaweza asiwe msimamizi mzuri na wote wawili wanahitaji njia ya kurudi. Njia hiyo lazima iwe imeandikwa. Iseme kwamba asipothibitishwa atarudi kwenye kazi yake ya awali kwa mshahara wa awali, na kwamba miaka yake sita inaendelea kuhesabiwa. Isiposema hivyo, kuna waajiri watakaomtendea kama mtu aliyeajiriwa jana.

Barua ya msimamizi wetu, ikiandikwa vizuri, mwili wake unaweza kusomeka hivi:

“Baada ya mazungumzo yetu, kuanzia tarehe 1 Machi utakuwa Msimamizi wa Ghala, tawi la Mwanza, na utaripoti kwa Meneja wa Tawi. Utasimamia makarani watatu, wapakizi watano na dereva mmoja wa foklifti. Mshahara wako wa msingi utakuwa shilingi 1,100,000 kwa mwezi badala ya shilingi 780,000. Hakuna posho katika kiasi hicho. Saa zako za kazi zinabaki 45 kwa wiki, na saa za ziada zitakazokubaliwa zitalipwa kwa mujibu wa sheria. Kazi za kupokea mzigo na kuandika vitabu utazikabidhi kwa karani mpya kabla ya tarehe 31 Machi. Maelezo ya kazi na vipimo vyake vimeambatanishwa, pamoja na hesabu ya stoku ya siku ya makabidhiano. Utakuwa katika matazamio kwa miezi mitatu. Usipothibitishwa utarejea kwenye cheo na mshahara wako wa sasa. Utumishi wako unaendelea kuhesabiwa tangu siku ulipoajiriwa.”

Maneno yake hayafiki hata nusu ukurasa wa kawaida wa ofisi. Pongezi zinaweza kutangulia, na zina mahali pake.

Kwa anayepokea: omba siku mbili za kusoma. Hakuna mwajiri makini atakayeondoa cheo kwa sababu mtu ameomba kusoma. Angalia pia unatia sahihi ya nini, kwa sababu “nimepokea” na “nimekubali” ni mambo mawili tofauti. Kama kuna jambo haliko sawa, tia sahihi ya kupokea, kisha andika barua fupi yenye maswali yako: naripoti kwa nani, kiasi gani ni mshahara wa msingi, ovataimu ikoje, nani anachukua kazi yangu ya zamani. Majibu yaje kwa maandishi, hata kwa barua pepe ya mistari mitatu. Nakala zote zikae nyumbani kwako, mbali na droo ya ofisini.

Mambo yakiharibika, sheria haimwachi mfanyakazi mtupu. Mwajiri akishindwa kuleta mkataba au taarifa ya maandishi kwenye shauri, mzigo wa kuthibitisha masharti yanayobishaniwa unakuwa wake. Madai ya malipo yasiyohusu kuachishwa kazi yanapelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 60 tangu mgogoro ulipoanza, na ya kuachishwa kazi ndani ya siku 30. Mtu anayesubiri mwaka mzima akitumaini mambo yatajirekebisha, atalazimika kwanza kuieleza Tume sababu za kuchelewa kabla madai yake hayajasikilizwa.